Uzoefu wangu na taarifa ya mtaa ya dakika moja: nimebaki nayo kwa sababu ya mstari wa chanzo

Huduma ninayoitathmini hapa ni taarifa fupi ya habari za mtaa inayotumwa kwenye simu kila asubuhi, na inapotokea dharura hutumwa tena mchana au jioni. Kila habari ina sehemu tatu zisizobadilika: kichwa cha habari, aya moja inayobeba kiini cha jambo, na mwishoni mstari unaoanza na neno "Chanzo". Lugha yake ni Kiswahili sanifu kisicho na vifupisho vya simu wala alama za mshangao zilizofuatana, na habari moja huwa na maneno yapatayo 100, ambayo mtu humaliza kuyasoma kabla ya dakika kuisha hata akiyasoma kwa sauti. Hapo awali nilitegemea kundi la ujumbe la majirani, ambalo bado nimo, na ninaliheshimu kwa kuwa habari nyingi hufika huko kwanza. Hata hivyo, kufika kwanza na kufika ikiwa kamili ni mambo mawili, na tofauti hiyo niliiona vizuri zaidi katika habari moja ya kukatwa maji, ambayo nainukuu hapa jinsi ilivyokuja:

"Maji kusimamishwa Jumatano, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana

Huduma ya maji itasimamishwa Jumatano, tarehe 12 Machi, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana, katika nyumba zote zinazopata maji kupitia bomba kuu lililo mashariki mwa shule ya msingi. Mafundi watabadilisha vali inayovuja. Nyumba za upande wa magharibi hazitaathirika. Wakazi wanashauriwa kuhifadhi maji siku moja kabla, na huduma itakaporejea wayaache maji ya mwanzo yatiririke hadi yawe safi.

Chanzo: Tangazo la maandishi la mamlaka ya maji la tarehe 10 Machi, lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kusomwa na mhariri. Saa zilithibitishwa kwa simu na msimamizi wa mafundi tarehe 11 Machi."

Katika kundi la majirani, jambo hilo hilo lilikuwa limekwisha kuenea kwa sentensi moja iliyosema kwamba maji yatakatika mtaa mzima kesho saa nane. Sentensi hiyo ilikuwa na kasoro tatu, na hakuna hata moja iliyotokana na nia mbaya. Tangazo la mamlaka lilitumia saa za kimataifa, yaani 08:00 hadi 14:00, na mtu aliyelinakili aliiona 08:00 akaandika saa nane, hivyo asubuhi ikageuka mchana na majirani wengi wakapanga kuchota maji katika saa zile zile ambazo mabomba yangekuwa tayari yamekauka. Neno "kesho" nalo lilikuwa sahihi kwa aliyeliandika jioni ya tarehe 11, lakini ujumbe uliposambazwa tena asubuhi iliyofuata ulimpeleka msomaji kwenye Alhamisi. Kasoro ya tatu ni ile ya kusema mtaa mzima, ambayo iliwatia hofu watu wa upande wa magharibi bila sababu yoyote.

Taarifa fupi iliepuka kasoro hizo zote kwa kufuata kanuni ambazo, baada ya kuisoma kwa muda mrefu, naziona katika kila habari. Siku hutajwa kwa jina na kwa tarehe, na maneno kama kesho, jana au wiki ijayo hayatumiki peke yake. Saa huandikwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili na daima hufuatwa na asubuhi, mchana, jioni au usiku, hata pale ambapo mwandishi angeweza kudhani kwamba kila mtu ataelewa. Eneo hupimwa kwa kitu kinachoonekana na ambacho hakihami, kama shule au daraja, na pale inapowezekana hutajwa pia wale wasiohusika, kwa kuwa sentensi fupi inayowaondoa watu wasiohusika inaokoa usumbufu mwingi kuliko maelezo marefu kwa wanaohusika.

Kinachonifanya niithamini huduma hii kuliko yote ni mstari wa mwisho. Chanzo katika habari ile ya maji kilinieleza mambo manne: aina ya ushahidi, ambayo ni maandishi, tarehe ya ushahidi huo, mahali unapoweza kuonwa, na nani aliuona. Kwa kuwa mahali palitajwa, nilipita kwenye ubao wa ofisi ya mtaa nikalisoma tangazo lenyewe, nikaelewa mara moja kosa la saa lilikoanzia. Sitarajii kila msomaji afanye hivyo, na wala si lazima, kwa sababu inatosha kwamba yeyote anaweza kufanya hivyo. Mhariri anayejua kwamba kazi yake inaweza kukaguliwa na jirani anayepita barabarani huandika kwa uangalifu zaidi.

Hata hivyo, mistari ya chanzo haina uzito sawa, na hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa makini. Maandishi yaliyoonwa na mhariri ndiyo yenye nguvu zaidi, yakifuatiwa na kauli ya mtu anayetajwa kwa cheo chake na anayehusika moja kwa moja na jambo, kisha shahidi aliyekuwepo. Nikikuta "imeelezwa kwamba" au "vyanzo vya kuaminika" bila maelezo zaidi, naihesabu habari hiyo kuwa haina chanzo. Msimu wa mvua uliopita nilipokea taarifa iliyosema kwamba daraja la waenda kwa miguu limebomoka, na chanzo kilikuwa "wakazi wawili". Idadi hiyo ilionekana kutosha. Baadaye ilibainika kwamba mmoja tu kati yao ndiye aliyefika mtoni, na kwamba yule wa pili alikuwa amesimuliwa na huyo wa kwanza, kwa hiyo mashahidi wawili walikuwa kwa kweli mmoja. Naye huyo mmoja alikuwa ameona maji yamelifunika daraja, akaamini kwamba limekwisha kuondoka. Maji yalipopungua, daraja lilikuwa pale pale. Tangu hapo huduma imeanza kuandika jinsi shahidi alivyojua, kwa mfano "mkazi aliyekuwa ng'ambo ya mto saa 1 asubuhi na kuona mwenyewe", nami naona hayo ndiyo maboresho makubwa zaidi waliyowahi kuyafanya.

Malalamiko yangu mazito yanahusu marekebisho. Kazi ya kubadilisha vali ilichelewa, na jioni ya siku ile ilitumwa taarifa mpya iliyosema maji yangerejea saa 12 jioni. Taarifa hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikutaja popote kwamba inachukua nafasi ya ile ya mwanzo, wala haikuwa na saa ya kutolewa, kwa hiyo aliyezipokea zote mbili kwa kupitia kwa marafiki hakuwa na njia ya kujua ipi ifuatwe. Marekebisho yanastahili kuanza na neno "Marekebisho" kwenye kichwa chenyewe, yakafuatwa na kilichoandikwa awali, kilicho sahihi sasa, na saa ya mabadiliko. Hayo yote yanaingia katika sentensi mbili. Niliwaandikia kuhusu jambo hili nao walinijibu kwa heshima, ila hadi sasa wanalitekeleza mara nyingine na mara nyingine wanalisahau.

Kuhusu vichwa vya habari, kwa sehemu kubwa nimeridhika. Jambo lijalo huandikwa kama "Barabara kufungwa", na lililokwisha kutokea huandikwa kama "Barabara yafungwa", kwa mtindo ule ule wa magazeti yetu, na msomaji anayeishia kwenye kichwa bado anaondoka na ukweli. Kanuni hiyo ilivunjwa siku kilipotoka kichwa kisemacho "Kituo cha afya chafungwa", ilhali aya ilieleza kwamba kituo kingefungwa juma lililofuata kwa ajili ya kupakwa rangi. Kina mama waliokuwa na watoto wa kupelekwa kliniki siku hiyo waliahirisha safari bila sababu. Kichwa ndicho sehemu inayosomwa na watu wengi zaidi na ndicho kinachonakiliwa kikiwa peke yake, kwa hiyo kosa la herufi chache pale juu lina madhara makubwa kuliko kosa la sentensi nzima kule chini.

Katika habari za uhalifu, mhariri ameonyesha uadilifu ninaoupenda kwa dhati. Mtu aliyekamatwa huitwa mtuhumiwa, akifikishwa mahakamani huitwa mshtakiwa, na jina lake halitajwi kabla ya kufikishwa huko. Aya husema kilichotokea, mahali na saa, kisha chanzo hutaja kituo cha polisi kilichotoa taarifa. Katika mtaa ambamo watu wote wanajuana, kumwita mtu mwizi kwa ujumbe wa dakika moja ni kumharibia maisha kwa miaka, hata akiachiwa huru baadaye.

Zipo habari ambazo muundo huu hauzimudu, na ni vyema anayetaka kujiunga alijue hilo mapema. Kukatwa kwa maji, kufungwa kwa njia, tarehe ya chanjo au mkutano wa wakazi ni mambo yenye jibu moja, na aya moja inayatosha. Mgogoro ni kitu kingine. Ulipozuka ubishi kuhusu uwanja wa kuchezea watoto, ambao upande mmoja ulitaka ujengewe vibanda vya biashara, taarifa ilitoa uamuzi wa kikao na kutaja muhtasari wa kikao kuwa chanzo. Kila neno lilikuwa sahihi, na chanzo kilikuwa cha maandishi, lakini wazazi waliopinga hawakuonekana popote, kwa kuwa muhtasari huandika kilichoamuliwa na mara nyingi huacha kilichokataliwa. Nilichopendekeza kwao ni kwamba habari ya namna hiyo itoe sentensi mbili kwa kila upande, iwe na vyanzo viwili vilivyotajwa kila kimoja kwa nafasi yake, na iseme waziwazi siku na mahali ambapo jambo litajadiliwa tena. Walilifanya hilo katika habari iliyofuata kuhusu uwanja huo, ikasomeka kwa muda ule ule, na katika kikao kilichofuata wazazi walikuwa wengi kuliko viti.