Waya wa HDMI wa mita 15, na upande ulionikasirisha

Haya jamani, karibuni tena. Huu hapa ni waya wa HDMI wa faiba, mita 15. Nimeupenda na nimeukasirikia siku hiyohiyo.

Tuanze na huu mweusi mnene wa shaba, nao ni mita 15. Kompyuta iko kule, projekta huku. Kwenye 1080p, picha imetulia kabisa. Sasa napandisha hadi 4K kwa 60 Hz... mmeona? Vidoti vyeupe vinametameta, picha inakatika, inarudi. Wengi hapo hulaumu projekta. Subirini, narudisha 1080p: shwari! Data imepungua hadi robo, waya umeimudu. Basi mgonjwa ni waya. Kwa shaba ya kawaida, 4K ya 60 Hz siiamini ikipita mita 5 hivi.

Wa faiba sasa. 4K, 60 Hz, hakuna hata kidoti. Safi sana! Lakini ngoja niugeuze. Ncha ya kompyuta naipeleka kwenye projekta... giza. Haukuharibika. Ndani ya ncha moja mna chipu inayogeuza umeme kuwa mwanga, na ya pili inaurudisha kuwa umeme, kwa hiyo picha inapita upande mmoja tu. Pameandikwa SOURCE, hiyo ni ya kompyuta, na DISPLAY ni ya projekta. Ila sogeza kamera... maandishi ya kijivu juu ya plastiki nyeusi! Nani alikubali hili? Mimi niliupitisha kwenye bomba la ukutani kinyume, nikauvuta wote tena. Ujaribu sakafuni kwanza, na usiukunje kona kali, faiba inavunjika.

Bei? Inauma, imezidi ya shaba mara kadhaa. Vile viboksi viwili vya kupitisha HDMI kwenye waya wa Ithaneti navyo vipo, ila vingi vinadai adapta ya umeme, mimi sivipendi.

Mliouliza kuhusu kamera ya USB, video yake inakuja, ila kwa ufupi: USB 2.0 mwisho mita 5, na waya mnene haukuokoi, kwa sababu kompyuta husubiri jibu kwa muda maalumu na jibu likichelewa inaacha. Hapo unatafuta waya wenye chipu ya kurudia mawimbi katikati. USB 3 ni fupi zaidi, kama mita 3.

Ithaneti ndiyo isiyo na makuu: mita 100, ukijumlisha na vile vipande vifupi vya mwishoni. Ikizidi, weka swichi katikati, safari inaanza upya.

Huu wa faiba simrudishii muuzaji. Nimeshaufunga utepe mwekundu, huo hapo, upande wa projekta.