TAHADHARI: Anayeuza vidonge vya majira kwa kipande, usinunue

Jamani, kuna muuzaji anaweka mtandaoni picha ya paketi nzima ya vidonge vya uzazi wa mpango, safi kabisa, halafu anayeagiza analetewa mstari mmoja uliokatwa kwa mkasi. Anaita "dozi ya wiki". Mdogo wangu kaingia mkenge huo, na mstari aliopewa yeye ulikuwa ule wa kahawia.

Kwa wasiojua ubaya uko wapi, chukueni paketi ya kawaida ya vidonge 28. Ina mistari minne, kila mmoja vidonge saba. Mistari mitatu ya kwanza, vidonge 21 vyenye rangi moja, ndiyo yenye homoni inayozuia yai lisipevuke. Mstari wa nne, ambao katika paketi nyingi ni wa kahawia, hauna homoni hata chembe. Mara nyingi ni madini ya chuma tu, yamewekwa ili mtu asipoteze mazoea ya kumeza kila siku wakati damu inatoka. Wiki hiyo bado unakuwa salama, ila usalama huo unatokana na vidonge 21 vilivyotangulia na paketi mpya itakayoanza siku ya nane. Ukiukata mstari huo ukamuuzia mtu peke yake, umemuuzia dawa ya kuongeza damu.

Sasa hesabu ya mdogo wangu. Alimaliza mstari wa kahawia wa paketi yake ya zamani Jumamosi. Jumapili alitakiwa aanze mpya, ndipo akaagiza, akaletewa kile kipande, akameza kimoja kila siku kwa uaminifu wote. Jumamosi iliyofuata akanitumia picha akiuliza mbona wiki hii vidonge vyote ni vya kahawia. Nikahesabu: siku 14 bila homoni. Mwisho ni siku saba. Zikizidi, ovari zinaanza kuamka. Na Alhamisi alikuwa amelala na mumewe.

Tulikimbia kwa mfamasia usiku uleule. Akampa kidonge cha dharura cha levonojestreli, kwa kuwa zilikuwa hazijapita saa 72, na paketi kamili aianze kesho yake kwa kidonge cha kwanza cha homoni. Kondomu siku saba za mwanzo, kisha kipimo cha mimba wiki tatu baada ya Alhamisi ile. Kipimo kilitoka hasi, lakini wiki hizo tatu sitaki kuzikumbuka.

Niliporudi kuiangalia ile picha ya tangazo, nikaona kingine. Muuzaji kaipiga juu chini. Mstari wa kahawia unaonekana wa kwanza, na chini kaandika "anzia juu". Kwa hiyo hata angekuletea paketi nzima, maelezo yake yangekupotosha. Ukitumiwa picha, igeuze kwanza mpaka maandishi yasomeke sawasawa, halafu tafuta alama ya kuanzia na ufuate mishale. Juu ya picha si lazima iwe mwanzo wa paketi.

Na msishike rangi kama sheria, tafadhali. Zipo paketi ambazo homoni inabadilika kiwango mara tatu: vidonge 6 vya kahawia hafifu, 5 vyeupe, 10 vya manjano iliyoiva, na vyote 21 vina homoni. Huko ukitupa vya kahawia umetupa kinga. Zipo pia za homoni moja, wanazopewa sana wanaonyonyesha: rangi moja mwanzo hadi mwisho, kila kidonge kinafanya kazi, hakuna wiki ya kupumzika. Na paketi yenye mistari mitatu tu si lazima iwe imekatwa. Zipo za vidonge 21, unakaa siku saba bila kumeza kisha unaanza nyingine.

Kinachokuambia ukweli ni maandishi. Mwombe muuzaji picha ya mgongo wa paketi, upande wa karatasi ya fedha, na ya boksi. Pale pana majina ya dawa, kiwango chake, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Tarehe hiyo kwa kawaida hugongwa ukingo mmoja tu, ndiyo maana kipande kilichokatwa mara nyingi hakina tarehe yoyote. Mimi nilipomwomba picha ya mgongo akaniambia "dada, wewe nunua tu, wenzako wanatumia", kisha akanizuia.

Kama tayari ulinunua kipande kwake, usisubiri kukimaliza. Kipeleke kilivyo kwa mfamasia au kliniki ya uzazi wa mpango, na uwe na tarehe mbili kichwani: siku uliyomeza kidonge cha mwisho cha paketi halisi, na siku ulizokutana na mwenzako tangu hapo. Kama hazijapita siku tano tangu mlipokutana, kidonge cha dharura bado kinaweza kusaidia, na kila saa unayochelewa inakipunguzia nguvu.