Cha kufunga goti: ununue soksi, plasta au gango?

Mzee wangu ni afande mstaafu, yuko Bombo, na goti lake la kulia humuuma zaidi akishuka ngazi kuliko akipanda. Mwezi jana alinituma Kampala: "Mwanangu, niletee ile ya wachezaji mpira, yenye vyuma." Nilizunguka maduka ya dawa ya Wandegeya mchana kutwa na nikarudi bila vyuma. Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia cha kununua kwanza.

1. Soksi ya goti

Ni ile ya mpira unayoivuta mguuni kama mkono wa sweta. Kwa goti lililochakaa, linalouma ila halilegei ghafla, anzia hapa. Haisogezi mfupa wala hairudishi gegedu, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa. Inatia joto, inabana uvimbe kidogo, na mguso wake kwenye ngozi humsaidia mtu kuhisi goti lake lilivyokaa, hivyo akakanyaga bila woga.

Je, ni dawa au ni kujipa moyo? Nilimpima mzee kwenye ngazi nane za nyuma ya nyumba, kila akishuka anataja maumivu kati ya 0 na 10. Bila kitu alisema 7. Nikakata mkono wa sweta kuukuu, nikamvisha: 5. Soksi ya dukani: 4. Akacheka, "Kumbe sweta imenidanganya!" Tulirudia asubuhi tatu tukibadilisha zamu, na sweta ikawa mara 5, mara 6, soksi ikabaki kwenye 4. Sehemu kubwa ya nafuu, basi, ilikuwa joto na imani, na soksi iliongeza kidogo juu yake. Siku aliyoiacha nyumbani, 7 ikarudi. Inasaidia ikiwa imevaliwa tu.

Pesa hupotelea kwenye saizi. Muuzaji alinipa L akisema inamtosha kila mtu. Mzee ana sentimita 38 katikati ya pia ya goti, na jedwali la boksi lilionyesha M. Boksi nyingine hutaka upime paja, kwa hiyo soma kwanza mahali pa kupima, kisha pima jioni goti likiwa limevimba. Vidole viwili vipite kwenye ukingo wa juu. Soksi inayojikunja nyuma ya goti hugeuka kamba: ukiona ganzi, mguu kuvimba chini yake au alama isiyotoka, ivue. Na usilale nayo.

2. Plasta

Ziko mbili na watu huzichanganya. Ile ngumu isiyonyumbulika hutumiwa na fiziotherapisti kuvutia pia ya goti upande wa ndani. Mwaka 2003 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Australia la watu 87 wenye magoti yaliyochakaa, katika makundi ya watu 29. Baada ya wiki tatu, waliobandikwa sawasawa walipata nafuu 21. Waliobandikwa plasta isiyovuta chochote, 14. Wasiobandikwa, 3. Hao 14 ndio sweta ya mzee wangu.

Ile ya rangi inayonyumbulika ilibuniwa na Kenzo Kase wa Japani na ikapata umaarufu kwenye Olimpiki ya Beijing 2008. Ikilinganishwa na plasta ileile iliyobandikwa bila kuvutwa, tofauti mara nyingi huwa ndogo. Tena haishiki ngozi yenye mafuta, na baada ya siku chache imebanduka, ununue nyingine. Plasta nimeiweka nafasi ya pili kwa ajili ya aliye na fiziotherapisti wa kumfundisha kuibandika. Ngozi ikiwasha, iondoe.

3. Gango lenye bawaba

Hili ndilo alilolitaka afande. Gango la vyuma vya pembeni ni la goti lililolegea kano, linalomwangusha mtu. Lipo jingine la miguu ya matege ambalo husukuma goti kwenye sehemu tatu ili upande uliochakaa upumzike. Hilo kweli hubadilisha mzigo, na kwa aliyepimwa vizuri hupunguza maumivu, lakini halichaguliwi kwa kulitazama likining'inia dukani. Likikaa vibaya huteleza hadi muundini, na kwenye joto wengi huishia kuliacha kabatini. Kama goti lako linajifunga au linakuangusha, onyesha fiziotherapisti kabla ya kutoa pesa.

Soksi zenye sumaku au shaba unalipia sumaku na shaba. Chukua ya kawaida.

Mzee sasa huvaa yake akienda msikitini na huivua akirudi. Vyuma bado anavitaka. Nimemwambia kwanza ainuke kwenye kiti mara kumi bila kushika mikono, maana misuli ya paja ndiyo inayolibeba goti. Juzi alifika sita.