Nilituma picha za gari kabla ya kuuliza swali, apu tatu za akili mnemba zilivyozipokea

Iko hivi. Mimi nakaa Morogoro na gari niliyokuwa naifukuzia ilikuwa yadi moja Magomeni, IST ile ya zamani, sasa kwenda Dar kila dalali akipiga simu ni hela, nikamwambia mdogo wangu apite akitoka kazini anipigie picha. Akanirushia watsapu picha nane: kadi ya gari, kibati cha chesesi kile cha chini ya boneti, dashibodi ikiwa imewashwa, tairi mbili, injini kwa juu, uvungu, na gari zima kwa mbele.

Swali langu lilikuwa moja tu, namba ya chesesi iliyoko kwenye kadi ndo hiyohiyo iliyoko kwenye kibati? Ila mimi nina mazoea yangu ya watsapu, narusha picha kwanza halafu ndo naanza kuandika, na kuandika kwenyewe naandika taratibu. Kwa hiyo apu zote tatu za akili mnemba zilipata picha tupu bila neno hata moja, na hapo ndo nilipoona tofauti.

Ya kwanza ni ile ninayoilipia. Yani sijamaliza hata kuandika "naomba" tayari imemwaga maelezo ukurasa mzima, imeona doa jeusi kwenye picha ya uvungu ikaamua yenyewe kuwa nauliza habari ya kuvuja oili, ikaanza kunipa mpira gani umechoka, sili ipi ibadilishwe, mwisho kabisa ikanishauri nisinunue. Kadi haijaigusa. Na lile doa mdogo wangu alilipapasa baadaye, ni ile rangi nyeusi ya kuzuia kutu wanayopiga uvunguni. Kibaya zaidi ni kwamba ikishashika njia yake hairudi, nilipouliza la chesesi jibu likaja limechanganyika na oili tena.

Ya pili ikaenda upande wa pili kabisa. Mstari mmoja, picha zimefika, nataka msaada gani. Mwanzo nikaona hii ndo yenye adabu. Nikauliza la chesesi, ikajibu kibati hakimo kwenye picha. Nikabisha! Nikaituma tena ile picha ya injini nikidhani ndo yenye kibati ila haioni vizuri, nikaandika kwa herufi kubwa, dakika ishirini zimeenda na bando linaenda.

Ya tatu ndo ninayoitolea hii rivyu. Yenyewe ilianza kwa kusema imepokea picha saba. Saba? Mimi nina nane. Nikarudi watsapu kuhesabu, kumbe picha ya kibati sijaidaunlodi, bado ina ukungu na kile kimshale, na kwa kuwa haijashuka kwenye simu galari haina, mimi nilipochagua zote nikajua zipo zote. Zote tatu zilipata saba, moja tu ndo iliyonitajia hesabu. Yule wa pili nilimtukana bure.

Baada ya hesabu ikazipa namba kwa jinsi zilivyoingia, kila moja na mstari wake mfupi, jibu lote lilienea kwenye kioo cha simu bila kusogeza. Picha ya 1 ikawa gari zima kwa mbele na kadi ikawa ya 7, kwa sababu galari yangu huanza na picha ya mwisho, na haikujifanya kuwa huo ndo mfuatano zilivyopigwa. Hizo namba zilinisaidia sana baadaye, naandika tu "angalia ya 7" tunaelewana.

Ila pale iliponishika ni kwenye dashibodi. Ilisema taa ya injini inaonekana inawaka, lakini kwa picha peke yake haiwezi kujua kama injini ilikuwa inaunguruma au swichi imefunguliwa tu. Wenye magari mnajua, ukifungua swichi bila kuwasha ile taa lazima iwake, ikigoma kuwaka ndo uanze kujiuliza. Ile apu ya kwanza ingeniandikia kitabu hapo. Hii ikasema inachokiona, ikasema pia odomita haisomeki kwa mng'ao wa flashi, ikahamia picha inayofuata. Kwenye kadi ikasema chesesi inaanza na NCP61 na tarakimu mbili za mwisho zimefifia. Jina la mwenye gari lipo pale wazi kabisa lakini haikuliandika, na ni sawa, nani kaliuliza?

Mwisho ikasema inaelekea mtu anakagua gari la mkononi, imeliweka kama kudhani tu, ikauliza nataka iangalie nini. Swali moja. Ikanyamaza.

Kasoro ipo. Moja ya zile tairi iliiita ya mbele wakati picha ina mpira na rimu tu, huwezi kujua ni ya wapi. Nikampigia mdogo wangu akasema ni ya nyuma. Dogo hilo, lakini mtu anaweza akaenda kubadilisha tairi sio.

Nikaidaunlodi ile ya kibati nikaiongeza. Watsapu ilikuwa imeiminya, namba zimekuwa kama zimelowa, nikamwambia mdogo wangu atume tena kama dokumenti maana huko haipunguzwi ubora. Hapo kibati kikasomeka chote, NCP61 na tarakimu saba, ikaniambia tano za kwanza zinafanana na kadi, mbili za mwisho haiwezi kuthibitisha mpaka kadi ipigwe upya, moja inaweza kuwa 3 au 8. Haikunipa matumaini ya uongo. Dalali huku ananipigia, "dada yangu, gari hii watu wanapita nayo leo," nikamwambia kaka naomba mpaka kesho asubuhi. Kesho yake kadi ikapigwa dirishani bila flashi, namba zote zikakubaliana. Na zile tairi, moja mwisho wa maandishi ya DOT ina 3814, maana yake imetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2014, nikamwonyesha dalali akashusha laki mbili huku ananuna.

Baadaye niliijaribu na picha nyingi zaidi, kumi na sita za hesabu za kikoba chetu, nikiogopa itanipa mistari kumi na sita. Haikufanya hivyo, ilizipanga mafungu: risiti kumi na mbili, mbili kati yake zinaelekea ni risiti moja iliyopigwa mara mbili, kurasa tatu za daftari, na picha moja ya mtoto anakula ugali ambayo ikauliza kama imeingia kwa bahati mbaya. Ni mwanangu huyo, iliingia kwa bahati mbaya kweli. Na ile risiti ya mara mbili tungeihesabu, mweka hazina angelala macho.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya lile tairi la "mbele". Ile ya kwanza mwezi ukiisha silipii tena.