Google Sheets kwenye ripoti ya mwezi: alama ya +, alama ya - na sifuri inayoharibu hesabu

Karibuni tena. Leo naipima Google Sheets kwa kazi moja tu: kuonyesha mauzo yamepanda au yameshuka asilimia ngapi kutoka mwezi uliopita, tena kwa maandishi ya kusomeka, yaani +12.5% au -5.6%, ili ukituma ripoti kwa bosi asianze kukuuliza.

Tazameni skrini. Hili ni duka la mfano. Kolamu B ni Desemba, kolamu C ni Januari. Unga umetoka 1,250,000 hadi 1,180,000. Madaftari yametoka 80,000 hadi 460,000, shule zinafunguliwa hizo. Sare za shule Desemba hazikuuzwa kabisa, sifuri, halafu Januari zimeingiza 300,000.

Hesabu yenyewe ni C2/B2-1. Unga unatupa -0.056, na alama ya kutoa tunayo bila kuomba. Tatizo ni kule kunakopanda, maana Sheets haiweki alama ya kujumlisha yenyewe. Hapo TEXT inafanya kazi nzuri sana: unaipa muundo wa vipande vitatu vilivyotenganishwa kwa nukta mkato, cha kwanza kwa namba chanya, cha pili kwa hasi, cha tatu kwa sifuri. Unga unakuwa -5.6%, madaftari +475.0%.

Ukifika kwenye sare, unakutana na #DIV/0!, kwa sababu huwezi kugawanya kwa sifuri. Wengi hapo hukimbilia IFERROR na kuandika neno "mpya". Mimi siipendi njia hiyo. IFERROR haichagui kosa. Mtu akiandika 45,000/= badala ya 45000, Sheets inaona maneno, hesabu inagoma, na bidhaa uliyoiuza mwaka mzima inaitwa mpya. Kosa la kuandika limefichwa, wala hutaliona.

Halafu kuna seli tupu. Januari ikiwa bado haijajazwa, Sheets inaihesabu kama sifuri na kukupa -100.0%. Hiyo inatisha mtu bure. Kwa hiyo fomula ninayoitumia ni hii:

```
=IF(COUNT(B2:C2)<2,"jaza",
 IF(B2>0,TEXT(ROUND(C2/B2-1,3),"+0.0%;-0.0%;0.0%"),
 IF(C2>0,"mpya","–")))
```

COUNT inahesabu seli zenye namba halisi tu. Zikipungua mbili, iwe ni tupu au kuna ile 45,000/=, inaandika "jaza" na wewe unajua pa kwenda kuangalia. Zikitimia, ndipo inauliza kama Desemba ni zaidi ya sifuri. Sare zinapata "mpya", na bidhaa ambayo haikuuzwa miezi yote miwili inapata kistari.

ROUND mle ndani msiiondoe. Sukari ikitoka 900,000 hadi 900,300, ongezeko lipo lakini ni dogo mno, na bila ROUND unapata +0.0%, kitu ambacho hakieleweki. Ukikadiria kwanza, inakuwa sifuri kamili na kuandikwa 0.0% bila alama.

Sasa kasoro, na hii ndiyo inayonifanya nisiipe TEXT alama zote. Matokeo yake ni maandishi, si namba. Jaribu kupanga bidhaa kuanzia iliyopanda zaidi: +9.0% inakaa juu ya +475.0%, kwa kuwa Sheets inalinganisha herufi kwa herufi. Wastani nao haupatikani. Kwa hiyo ndani ya jedwali naondoa TEXT, nabakiza ROUND(C2/B2-1,3), kisha naingia Format, Number, Custom number format na kubandika muundo uleule bila alama za kunukuu. Macho yanaona +475.0%, ila seli bado ina 4.75. TEXT naiacha kwa sentensi ya kutuma WhatsApp, kwa sababu ukiunganisha namba na maneno kwa &, mwonekano wa seli haufuati, na msomaji anaishia kuona -0.056.

Na kwenye kolamu ya faida msiitumie fomula hii. Desemba ukipata hasara ya 100,000, Januari ukapata faida ya 50,000, ile hesabu tupu inakupa -150.0% wakati hali imekuwa nzuri. Kinga yetu nayo itaandika "mpya", ambayo si kweli. Hapo asilimia haina maana yoyote, andikeni tofauti yenyewe kwa shilingi:

```
=TEXT(C2-B2,"+#,##0;-#,##0;0")
```

Inatoka +150,000, na bosi anaelewa.