Korosho au punguzo la kodi: shukrani ya Desemba kwa mpangaji mwaminifu

Tuchukue chumba na sebule Mtwara mjini, kodi 150,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita sita, yaani 900,000. Mkataba unaisha 31 Januari.

Punguzo la 15,000 mpangaji hulifurahia, hasa Januari yenye ada za shule. Tatizo huja Julai: analeta tena 885,000 akiamini ndiyo kodi mpya. Ukilichagua, stakabadhi iseme: "Kodi 900,000, punguzo la shukrani 15,000 mara hii tu, imelipwa 885,000."

Korosho haziigusi kodi, ndiyo maana sisi tunazipendelea. Nusu kilo ya zilizobanguliwa na kukaangwa inatosha, na msimu wenyewe ndio huu. Zifungwe zikiwa zimepoa kabisa, la sivyo mvuke hubaki ndani ya mfuko na zinalainika. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi zipelekwe kimyakimya, mlango kwa mlango, maana asiyepewa atauliza.

Ujumbe uende katikati ya Desemba, kabla watu hawajasafiri:

"Habari za jioni, dada. Asante kwa kulipa kodi kwa wakati mwaka mzima na kuitunza nyumba. Nimekuletea korosho kidogo, karibu. Mkataba wetu unaisha 31 Januari. Kodi inabaki 150,000. Naomba unijulishe kufikia tarehe 10 kama utaendelea."

Kama kodi inapanda, usiandike hapa. Zawadi itaonekana chambo; nenda mkazungumze ana kwa ana, siku nyingine.