Valvu ya bomba la bustani: uliza kwanza kama inapumua

Maji yaliporudi usiku ule nilifungua bomba la jikoni, yakatoka na povu lenye harufu ya sabuni ya kuoshea gari. Mchana kijana wetu alikuwa anaosha gari, maji yakakatika, akaacha mpira umezama ndooni na bomba la bustani likiwa wazi. Sisi tuko Kimara, mlimani. Maji yakikatika na walio bondeni wakiendelea kufungua mabomba yao, yaliyobaki kwenye bomba la mtaa yanateremkia kwao, na yakiteremka yanavuta kila kilichoungwa nyuma yake. Ndoo tuliikuta karibu tupu. Nikawaza, ingekuwa ndoo ya dawa ya kupulizia mchicha?

Kinachoniuma ni kwamba valvu ilikuwepo. Miezi mitatu kabla nilinunua nonriteni, valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, ya shaba ya nusu inchi, ile yenye springi, na mshale nikahakikisha unaelekea kwenye mpira. Fundi alipoifungua tulikuta kipande cha tepu ya tefloni, chembamba kama uzi, kimebanwa kati ya raba na kiti chake. Uwazi ule mdogo ulitosha. Nonriteni ya mlango mmoja ikishindwa kufunga haikuambii kitu. Kwa nje inang'aa kama siku uliyoinunua.

Ndiyo maana sitawachosha na habari za shaba au plastiki. Swali langu ni moja: maji ya bomba yakivuta kwa nyuma, kifaa hiki kinaingiza hewa? Mvuto ukipata hewa unakatika, na ndoo inabaki na maji yake. Nonriteni ya kawaida haina pa kuingizia hewa. Inategemea raba peke yake.

Ninayoipendekeza bila kificho ni Watts 8A. Ni ya shaba, inafungwa kwenye mdomo wa bomba la bustani kabla ya mpira, na ina matundu ubavuni. Presha ya bomba ikishuka, matundu yanafunguka na hewa inaingia. Ukifunga bomba itamwaga maji kidogo kwa matundu hayo, na wengi hudhani mbovu wakairudisha dukani. Sivyo, inajimwaga, na ndivyo inavyotakiwa. Ina skrubu ya pembeni ambayo ukiikaza kichwa kinakatika ili mtu asiifungue tena, kwa hiyo usiikaze mpaka umejaribu. Uzi wake ni wa mipira ya Kimarekani, nyuzi 11.5 kwa inchi, na mabomba yetu ya robo tatu yana nyuzi 14. Ukilazimisha itavuja. Tafuta adapta kwanza.

Ina mipaka yake. Usiache bomba wazi usiku kucha huku bunduki ya kunyunyizia imefungwa mwishoni; haikutengenezwa kukaa na presha zaidi ya saa 12 mfululizo, na kisahani chake kinaweza kunata. Wala usiitegemee kwa mpira unaopanda kujaza simtanki ya ghorofani au ulioungwa na pampu. Hapo maji yanasukumwa, hayavutwi. Kwa tanki, mdomo wa mpira ukae juu ya usawa wa tundu la kumwagikia, angalau milimita 25 hewani. Hilo halinunuliwi dukani, na hakuna valvu inayolishinda.

Ya pili ni valvu yenye milango miwili. Takataka ikikwama kwenye mmoja, wa pili unabaki. Kwa sabuni naikubali, kwa dawa za wadudu hapana. Nonriteni ya mlango mmoja ni ya tatu, na za plastiki za bei ya soda ziacheni.

Sasa wauzaji. Niliuliza duka baada ya duka valvu yenye matundu ya hewa, nikajibiwa, "Mama, nonriteni ni nonriteni." Mmoja alinionyesha ya mlango mmoja akaapa ina miwili, nilipochungulia upande wa pili kwa tochi ya simu niliona springi moja tu. Bei aliyotaja ilikuwa ya miwili. Nenda na tochi, na usikubali kisanduku kilichofungwa. Yangu ilibidi nimwombe ndugu aliyeko Marekani aniletee.

Ukishafunga, jaribu hivi kwa maji safi. Weka ndoo chini ya bomba la bustani, izamishe ncha ya mpira, fungua mpaka mpira ujae, kisha funga koki ya mita huku bomba la bustani likiwa wazi. Chora mstari wa chaki kwenye usawa wa maji. Fungua bomba lililo chini kuliko ndoo. Kwetu ni lile la getini. Subiri dakika tano. Nonriteni yangu ya zamani ilishusha maji vidole viwili chini ya chaki. Kwa Watts nilisikia hewa ikifyonzwa kwenye matundu, na maji yakabaki mstarini.